Ukurasa wa Tatu Haupo: Nilivyoufupisha Wosia wa Mjomba

Mjomba wangu aliishi Voi, na wosia wake ulikuwa ndani ya bahasha ya kaki kabatini. Uliandikwa na wakili, ukapigwa chapa, na una kurasa tano. Tulipoufungua baada ya matanga tulikuta kurasa nne. Ukurasa wa kwanza upo, wa pili upo, wa nne na wa tano zipo. Wa tatu haupo.

Familia iliniomba niusome, kisha niwaandikie muhtasari kwa maneno ambayo kila mtu angeyaelewa, kuanzia mkaza mjomba hadi binamu yangu mdogo aliyekuwa hajamaliza shule. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu nimekaa miaka mingi ukarani katika ofisi ya mawakili Mombasa, na wosia nyingi zimepita mikononi mwangu. Mimi si wakili. Lakini najua wosia unavyopangwa, na najua ni wapi watu wanakwama wanapousoma.

Kabla ya kuandika neno, niliomba bahasha iwekwe mezani na mtu yeyote asiishike. Wosia uliopungua ukurasa unatakiwa ubaki kama ulivyokutwa. Usitoe pini, usibane upya, usiupitishe kwenye mashine inayovuta karatasi, usiandike kitu pembeni hata kwa penseli. Hakimu au jaji ataangalia matundu ya pini, na tundu jipya linazua maswali ambayo hakuna atakayeweza kuyajibu. Nilipiga picha kwa simu, kila ukurasa mbele na nyuma, na ile kona yenye pini nikaipiga kwa karibu. Hapo ndipo nilipoona kitu: chini ya pini, baina ya ukurasa wa pili na wa nne, kulikuwa na kipande kidogo cha karatasi cha pembetatu, kama ukucha wa kidole kidogo, kimeshikwa na kutu. Ukurasa wa tatu uliwahi kuwepo pale, kisha ukavutwa. Haikuwa makosa ya mpiga chapa kuruka namba.

Jambo hilo lina uzito. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inasema mwenye wosia anaweza kuufuta kwa kuuchana au kuuchoma mwenyewe akiwa na nia ya kuufuta. Kwa hiyo swali la nani aliuvuta ule ukurasa, na lini, ni swali la mahakama. Kazi yangu ilikuwa kuandika kilichoonekana: bahasha ilikutwa wapi, nani aliifungua, nani walikuwepo, na ile pembetatu ya karatasi. Maelezo hayo niliyaweka mwanzoni kabisa mwa muhtasari, kabla ya mali yoyote kutajwa. Sikuandika neno "imeibwa" wala neno "ameutoa mwenyewe", ijapokuwa yote mawili yalikuwa yakisemwa sebuleni.

Sasa kuhusu wosia wenyewe. Vipengele vyake vimepewa namba. Ukurasa wa kwanza una kipengele cha 1 hadi cha 3: mjomba anafuta wosia wowote wa zamani, anawataja wasimamizi wawili wa wosia, yaani mdogo wake na binti yake mkubwa, kisha anawataja mke na watoto wanne kwa majina. Mtoto wa kwanza, wa kiume, alizaliwa na mama mwingine kabla mjomba hajaoa. Watatu waliobaki, mabinti wawili na kijana mmoja, ni wa mkaza mjomba. Ukurasa wa pili una kipengele cha 4, vyombo vya nyumbani na gari kwa mke. Cha 5, ng'ombe kwa kijana mdogo. Kisha kipengele cha 6 kinaanza hivi, nami naunukuu mstari wa mwisho wa ukurasa ule: "Nyumba yangu ya Voi pamoja na vyumba vyote vya kupangisha vilivyo nyuma yake vigawiwe".

Ukurasa unaishia hapo. Ukiufunua unakutana na ukurasa wa nne, na mstari wake wa kwanza unasema: "kwa mafungu sawa baina yao, lakini mama yao apokee kodi maisha yake yote."

Soma mistari hiyo miwili kwa pamoja, haraka, jinsi mtu mwenye huzuni anavyosoma. Nyumba ya Voi na vyumba vya kupangisha vigawiwe kwa mafungu sawa baina yao, lakini mama yao apokee kodi maisha yake yote. Inaungana vizuri kabisa, mpaka sarufi imekubali. Binamu yangu wa kike mdogo alikuwa amekwisha kuwasomea wenzake hivyo kabla mimi sijafika, na kila mtu aliona ni haki na inafanana na mjomba: watoto wagawane, mama apate kodi. Karibu wangefunga mjadala hapo.

Kilichoizuia sentensi hiyo ni namba tu. Mstari wa pili wa ukurasa wa nne unaanza na kipengele cha 10. Kwa hiyo maneno "kwa mafungu sawa baina yao" ni mkia wa kipengele cha 9. Kichwa tulichokuwa nacho ni cha kipengele cha 6. Kati yake kuna sehemu iliyobaki ya 6, kuna 7 nzima, 8 nzima, na sehemu kubwa ya 9. Hatukujua nyumba ya Voi imegawiwa kina nani. Hatukujua ni mali gani ambayo kodi yake anapokea mama. Na "yao" ni akina nani? Watoto wote wanne? Watatu? Neno "mama yao" lilidokeza kwamba mtoto wa kwanza hayumo, maana mama yake ni mwingine, lakini hata hilo lilikuwa dokezo tu.

Niliwaonyesha hizo namba kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, nikianzia kwa mkaza mjomba. Alitazama kwa muda mrefu kisha akaniambia, "Kwa hiyo hatujui kitu, mwanangu?" Nikamwambia, "Tunajua mengi, Mama, ila hili la nyumba hatulijui bado, nami siwezi kukuandikia kwamba tunalijua."

Kutoka hapo nikaamua muhtasari uwe na sentensi za aina tatu, na kila sentensi ijitambulishe inapoanza. Ya kwanza inaanza na "Wosia unasema", na inahusu yale tu yaliyoandikwa kikamilifu kwenye kurasa zilizopo. Ya pili inaanza na "Kutokana na kipengele fulani inaonekana", na inahusu yale yanayoweza kujulikana kwa kufuata nyayo. Ya tatu inaanza na "Haijulikani". Sikutumia maneno kama "huenda" au "labda" ndani ya sentensi za aina ya kwanza, kwa sababu mtu akisomewa kwa sauti, "labda" humpita, na kesho yake anasimulia kama ni hakika.

Sentensi za aina ya pili ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Kwa mfano, kipengele cha 10 kinahusu madeni, na kinasema yalipwe "baada ya kutengwa ada iliyotajwa katika kipengele cha 8." Kutokana na hapo inaonekana kwamba kipengele cha 8 kinataja ada fulani, na kwamba mjomba alitaka itangulie mbele ya madeni. Nikaandika hivyo. Sikuandika ni ada ya nani. Sote tulikuwa tukimfikiria mjukuu wake aliyekuwa kidato cha pili, na shangazi mmoja alisisitiza nimtaje kwa jina, lakini wosia haukumtaja mahali popote kwenye kurasa tulizokuwa nazo. Kama ningelitaja jina lake, mtoto yule angejengewa tumaini juu ya karatasi ambayo hakuna aliyeiona.

Kisha kuna kipengele cha 11, ambacho kilileta mvutano mkubwa kuliko vyote. Kinasema: "Mali yangu nyingine yoyote ambayo sikuitaja katika wosia huu nampa mke wangu." Karibu kila wosia uliotengenezwa na wakili una kipengele kama hiki, cha kuzoa yaliyosahaulika. Sasa, mjomba alikuwa na shamba Mwatate, na kiwanja chenye maduka Maungu, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Mali hizo mbili hazionekani kwenye kurasa nne zilizobaki. Mtu angesema kwa haraka: hazikutajwa, basi ni za mke. Na kuna waliosema hivyo, tena kwa nia njema.

Lakini kipengele kinasema "sikuitaja katika wosia huu", na wosia huu una kurasa tano. Hatuwezi kusema mali haikutajwa mpaka tuwe tumeusoma ukurasa wa tatu. Kutoiona mali kwenye kurasa zilizopo si sawa na kutotajwa kwake. Nilipolieleza hilo, binamu yangu wa kwanza, yule wa mama mwingine, ambaye muda wote alikuwa amekaa karibu na mlango bila kusema, ndipo aliposogeza kiti chake mezani. Kurasa zilizokuwepo hazikumpa chochote. Jina lake lilikuwa kwenye kipengele cha 3 tu, katika orodha ya watoto.

Kwa hiyo kuhusu Mwatate na Maungu niliandika "Haijulikani", kisha nikaeleza njia tatu ambazo mambo yangeweza kufuata. Ukurasa wa tatu ukipatikana na kuthibitishwa, mali itakwenda kama ulivyosema. Usipothibitishwa, mahakama inaweza kuona kwamba kipengele cha 11 kinaizoa mali hiyo, nayo iende kwa mke. Au mahakama inaweza kuona kwamba mali hiyo haikugawiwa na wosia, na hapo inafuata utaratibu wa mtu aliyefariki bila wosia: mke anaitumia maisha yake yote, na baada yake watoto wanagawana sawa, wote wanne. Sikuipendekeza njia yoyote. Kila njia niliipa urefu uleule wa maneno, maana nimeona mara nyingi muhtasari unaoeleza njia moja kwa aya nzima na nyingine kwa nusu sentensi, na msomaji anaondoka akijua mwandishi anaelekea wapi.

Kuna jambo la mpangilio ambalo naliona ni la lazima. Pengo la ukurasa wa tatu nililiweka mahali pake, baina ya kipengele cha 6 na cha 10, ndani ya kisanduku kinachokaribia nusu ya karatasi. Ndani yake niliandika: "Hapa ukurasa wa tatu haupo. Una sehemu iliyobaki ya kipengele cha 6, kipengele cha 7 na cha 8, na mwanzo wa kipengele cha 9." Nimeona watu wakiliweka pengo kama hili mwishoni kwa herufi ndogo, na msomaji anafika huko akiwa tayari amekwisha kujenga picha yake. Siku ya kikao nilikisoma kisanduku hicho kwa sauti kama nilivyosoma vipengele vingine, kisha nikanyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Wazee walileta na maneno ya mdomo. Mjomba mdogo alisema marehemu alimwambia, tena zaidi ya mara moja, kwamba shamba la Mwatate ni la mtoto wa kwanza. Sikumkatalia, na wala sikulichanganya neno lake na muhtasari. Sheria inautambua wosia wa mdomo ikiwa ulisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi na msemaji akafariki ndani ya miezi mitatu tangu aliposema, na hata hivyo hauwezi kuupinga wosia wa maandishi ambao haujafutwa. Mazungumzo ya mjomba na mdogo wake yalikuwa ya miaka kadhaa nyuma, wawili tu. Lakini kumbukumbu kama hiyo inaweza kuwa na faida nyingine, kwa hiyo niliiandika kwenye karatasi ya peke yake, pamoja na nani aliisema na lini aliisikia, nayo ikahifadhiwa.

Faida yenyewe ni hii. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Urithi kinataka wosia halisi uambatishwe kwenye maombi ya mahakamani, lakini ukiwa umepotea, au umeharibiwa bila nia ya kuufuta, kinaruhusu nakala iliyothibitishwa, au majina na anwani za watu wanaoweza kuthibitisha yaliyokuwemo. Wengi wanadhani watu hao ni wale mashahidi wawili waliotia saini. Mara nyingi sivyo. Shahidi huona mwenye wosia akitia saini. Si lazima ausome, na wengi hawausomi. Wanaojua yaliyomo ni wakili aliyeuandika, karani aliyeupiga chapa, na yeyote aliyepewa ausome nyumbani. Nilipowapigia mashahidi wa mjomba, mmoja alikumbuka chumba, kalamu na chai, na hakujua hata neno moja la ndani.

Basi tukaenda kumtafuta wakili. Alikuwa amestaafu, na mafaili yake yalihamishiwa ofisi nyingine. Nilijua cha kuomba, nikawaambia binamu zangu wasiombe "wosia wa baba" peke yake, waombe faili zima: nakala iliyopigwa picha baada ya kutiwa saini, nakala ya awali isiyo na saini, na maelezo ya mkono ya mahojiano. Vitu hivyo vitatu havina nguvu sawa. Nakala ya awali inaonyesha kilichokusudiwa siku fulani, na mtu anaweza kubadili mawazo kabla ya kutia saini. Nakala iliyopigwa baada ya saini ndiyo yenye uzito.

Ikapatikana. Kurasa zote tano, na chini ya kila ukurasa mjomba ameandika herufi za mwanzo za majina yake. Sheria hailazimishi kuandika hivyo kila ukurasa, ni desturi ya mawakili, na katika kesi yetu desturi hiyo ndiyo iliyotuokoa: herufi za ukurasa wa tatu zililingana na za kurasa tulizokuwa nazo, na ukingo wa mistari ulikuwa uleule.

Ukurasa huo ulisema hivi. Kipengele cha 6: nyumba ya Voi na vyumba vya kupangisha vigawiwe baina ya mke na kijana mdogo, nusu kwa nusu. Cha 7: shamba la Mwatate ni la mtoto wa kwanza. Cha 8: itengwe ada ya kidato cha pili hadi cha nne kwa mjukuu, naye ni mwingine kabisa, si yule tuliyemfikiria. Cha 9: kiwanja cha Maungu na maduka yake ni cha mabinti wawili, "kwa mafungu sawa baina yao, lakini mama yao apokee kodi maisha yake yote."

Niliandika muhtasari wa pili. Ule wa kwanza sikuutupa. Niliuandikia juu tarehe na maneno "ulitolewa kabla ya nakala kupatikana", kwa sababu familia ilikuwa nao na wengine walikuwa wameupeleka kwa jamaa wa mbali kwa simu. Katika ule wa pili, yote yanayotoka ukurasa wa tatu yanaanza na "Nakala iliyotoka kwa wakili inasema", kwa kuwa ukurasa halisi bado haujaonekana, na mpaka mahakama ikubali nakala, "Wosia unasema" ni sentensi nisiyo na haki ya kuiandika hapo.

Niliongeza pia onyo moja kwa herufi nzito, maana kodi za vyumba zilikuwa zinaendelea kuingia na binamu mmoja alitaka aanze kuzikusanya. Kifungu cha 45 kinakataza mtu kuchukua au kugawa mali ya marehemu kabla ya mahakama kumpa mamlaka, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi 10,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Nikaandika kwamba hata mwenye jina lake kwenye nakala hana ruhusa ya kugusa bado.

Wasimamizi wameshapeleka maombi yao, pamoja na kurasa nne halisi, nakala kamili, kiapo cha wakili mstaafu, na kiapo cha mjomba mdogo kuhusu aliyoyasikia. Tangazo limetoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, likiwapa wenye pingamizi siku 30. Binti mmoja ameweka pingamizi. Anaamini baba yake mwenyewe ndiye aliyeuvuta ukurasa ule miaka ya mwisho, kwa sababu bahasha haikuwahi kutoka kabatini kwake. Wosia uliokuwa mikononi mwa marehemu hadi mwisho huzua swali hilo kweli, na ana haki ya kulisikilizisha. Nimeiandika hoja yake kwenye muhtasari wa pili, kwa maneno yake mwenyewe, chini ya maelezo ya ile pembetatu ya karatasi, na nimempelekea ausome kwanza kabla wengine hawajapata nakala zao.